Kulabu ya kamba imekula kisiwa changu: nifanyeje?

*Habari kaka. Natengeneza gemu ya dunia wazi kwa Godot, kisiwa chenye milima na magenge. Mwanzoni mhusika alikuwa anapanda ukuta wowote kwa mikono na watu walifurahia. Nimeongeza kulabu ya kamba, na sasa wanaonijaribia gemu wanaruka karibu kila nilichojenga, halafu wananiambia kisiwa ni kidogo. Sijapunguza hata mita moja. Niifungie kulabu kwenye sehemu maalumu, au niiache ishike popote?*
— *Msomaji, Morogoro*

Ndugu yangu, usifungie kitu kwanza. Chukua saa, chagua genge moja, pima mchezaji anatumia sekunde ngapi kulipanda kwa mikono, kisha pima kwa kulabu. Hao wanaokuambia kisiwa ni kidogo hawajakosea. Mchezaji hapimi kisiwa kwa mita, anakipima kwa muda na jasho la kukivuka, na wewe umevipunguza vyote viwili bila kugusa ramani.

Zamani ukuta kwenye gemu ulikuwa mpaka. Mbunifu akitaka usiende mahali, anaweka mlima, basi. Hata kulabu ilipokuwepo ilikuwa ufunguo: kwenye Ocarina of Time ya mwaka 1998, ile Hookshot inanasa kwenye mbao na vilengwa alivyoviweka mbunifu, kwingine inagonga na kurudi. Assassin's Creed ya 2007 ikaufanya ukuta kuwa njia. Unapanda minara ya Dameski na Yerusalemu kwa kushika madirisha, mihimili na matofali yaliyochomoza. Lakini bado ilikuwa njia iliyochongwa: mtu alikaa akaamua kishikio kipo hapa na hapa hakipo.

Iliyonibadilisha mimi ni Breath of the Wild ya 2017. Pale unapanda karibu kila kitu, mradi pumzi ikutoshe, na mvua ikinyesha unateleza. Ukuta haukatazi tena, unadai malipo. Wabunifu wake walieleza kwenye mkutano wa watengenezaji gemu huko Japani mwaka huohuo kwamba waliijenga ardhi kwa maumbo ya pembetatu. Kilima kinakuziba macho kidogo, nawe unaamua: nipande juu kwa gharama, au nizunguke kwa muda? Ukizunguka, kilichokuwa nyuma yake kinajitokeza polepole. Uamuzi huo ndio mchezo wenyewe. Angalia pia walichofanya ndani ya yale mahekalu ya mafumbo: kuta zake hazipandiki kabisa, kwa sababu fumbo la chumba kimoja haliwezi kuvumilia mtu anayepita juu yake.

Kulabu inaharibu hesabu hiyo kwa sababu moja tu: inafuta katikati ya safari. Anayepanda kwa mikono yumo njiani muda wote. Anatafuta pa kupumzikia, anaangalia pumzi, anajuta. Anayevutwa na kamba yuko chini, kisha yuko juu.

Tuchukue genge la mita 45. Tuseme mhusika wako ana pumzi 100, kupanda kunakula 5 kwa sekunde, na mwendo wake ni mita 1.5 kwa sekunde. Pumzi inamtosha sekunde 20, yaani mita 30. Kwa hiyo genge hili halipandiki kwa mkupuo mmoja; lazima kuwe na ukingo wa kupumzikia mahali fulani kati ya mita 15 na 30. Kabla hajaanza, mchezaji anasimama chini, anainua kamera na kuusaka huo ukingo kwa macho. Kupanda peke yake ni sekunde 30, na ukimpa sekunde 5 za kuvuta pumzi, safari ni sekunde 35.

Sasa mpe kulabu inayofika mita 25, inayomvuta kwa mita 20 kwa sekunde, na inayotaka sekunde 1 kati ya mtupo na mtupo. Anatupa, anapanda mita 25 kwa sekunde 1.25. Anasubiri 1. Anatupa tena, mita 20 kwa sekunde 1. Jumla sekunde 3.25. Genge lako limekuwa jepesi zaidi ya mara kumi, na ule ukingo uliouchonga kwa siku nzima hakuna aliyeuona.

Wengi hapa hukimbilia kuweka vidoti vya kulabu kwenye ramani. Far Cry 4 ilifanya hivyo, na Ghost of Tsushima vilevile, na kwa gemu zao inafanya kazi, maana hazikukuahidi kupanda kila kitu. Wewe umeahidi. Ukiweka vidoti, mchezaji ataacha kuusoma mlima na kuanza kutafuta alama kwenye kioo. Binafsi nakuona ukipoteza kitu kizuri zaidi ulichonacho.

Njia ninayoipendelea ni kuiacha kulabu ishike popote penye *mdomo*, yaani pale ukuta unapokutana na sehemu ya kusimama, na isishike uso wa jabali mtupu. Kuutambua mdomo si kazi kubwa. Mwali wa kulabu ukigonga ukuta, panda mita 1 juu ya hapo, ingia ndani nusu mita, kisha piga mwali mwingine kwenda chini. Ukikuta sakafu ambayo `normal.y` yake inazidi 0.7 (mwinuko usiofika nyuzi 45 hivi), kulabu inashika. Usipokuta, inakwaruza na kuanguka, na hapo weka sauti ya chuma kwenye jiwe, ili mchezaji ajue jiwe limekataa, asidhani gemu imekwama.

Halafu fupisha kamba iwe mita 15, na kila mtupo ule pumzi 20. Rudi kwenye genge letu, ukingo ukiwa mita 20 kutoka chini. Mchezaji anapanda mita 5 kwa mikono (sekunde 3.3, pumzi kama 17), anatupa kwenye mdomo wa ukingo (pumzi 20). Kutoka ukingoni mpaka kileleni ni mita 25: anapanda 10 (sekunde 6.7, pumzi 33), anatupa tena (20). Jumla ni kama sekunde 11 na nusu, na pumzi 90 kati ya 100. Kulabu bado ni tuzo, imemwokolea theluthi mbili za muda. Lakini ukingo umerudi kazini, kupanda kumerudi kazini, na akikosea mtupo mmoja katika ile nusu ya juu bila kuwa amepumzika, anaanguka. Ukiongeza mvua ya kuteleza, ile akiba ya 10 haimtoshi. Itabidi apumzike ukingoni au asubiri anga litulie.

Kuna njia ya pili, na hii ni ya kubadilisha kulabu yenyewe: isimfikishe mtu, imrushe. Just Cause 2 ya 2010 iliacha kulabu ishike karibu kila kitu, lakini ikaiunganisha na parachuti. Unajivuta, unafungua, unaelea, unajivuta tena, na kisiwa cha Panau kilikuwa kikubwa mno hata mwendo ule usikimalize. Batman: Arkham City ya 2011 ilikuwa na kifaa cha kukurusha juu ya paa badala ya kukusimamisha juu yake, ukaanza kuelea kwa mabawa. Safari ikapata katikati mpya, hewani. Kwa upande mwingine tazama Dying Light ya 2015. Gemu ile ilijengwa juu ya kukimbia na kuruka mapaa kwa ustadi, kisha baada ya kupanda ngazi kadhaa ukapewa kulabu ya kukuvuta hadi juu, na ustadi ule ukawa hauna kazi. Kwenye toleo la pili la 2022 kulabu imekuwa zaidi ya kubembea. Nadhani walipima wakaona ulichokiona wewe. Wakati mwingine, lakini, ramani ndiyo inayoidai kulabu: Assassin's Creed Syndicate ya 2015 ilipewa kirusha kamba kwa sababu mitaa ya London ya karne ya 19 ni mipana, mtu haruki kutoka paa hadi paa.

Ukichagua kubembea, usitumie springi. Mhusika atadundadunda kama amefungwa kwa raba. Kata tu ile sehemu ya mwendo inayotoka nje ya kamba:

```gdscript
var d = global_position - nanga
if d.length() > urefu:
    var n = d.normalized()
    var nje = velocity.dot(n)
    if nje > 0.0:
        velocity -= n * nje
    move_and_collide(n * (urefu - d.length()))
```

Mstari wa mwisho unamrudisha ndani ya kamba. Nimetumia `move_and_collide` makusudi. Ukimhamisha kwa kuandika `global_position` moja kwa moja, siku kamba itakapopita kwenye kona ya jabali atapenya ukutani, na utaambiwa hivyo na mtu ambaye hakurekodi video. Kumbuka pia kwamba anayeshuka mita 10 kwenye bembea anafika chini kwa karibu mita 14 kwa sekunde. Kama kamera yako imezoea mtu anayetembea, itaachwa nyuma, na watu wataanza kulalamika kichefuchefu kabla ya kulalamika kuhusu kulabu.

Kujua kama umefaulu, usiwaulize wanaojaribu kama wanafurahi, watakuambia ndiyo. Andika kwenye faili, kila nusu sekunde, mhusika yuko wapi na yuko katika hali gani: ardhini, akipanda, kwenye kamba, hewani. Chora nukta hizo juu ya ramani. Kama kingo zako hazina nukta, kulabu bado inashinda. Kama nukta za kamba zimeganda chini ya magenge, umeifanya ghali kupita kiasi, wanatupa na kushindwa.

Na kagua miti. Kwenye gemu moja niliyoifanyia kazi tulishinda wiki mbili tukibishana kuhusu urefu wa kamba, kumbe wachezaji walikuwa wakipanda mlima kupitia kolaida za majani, ambazo mtu alizifanya bapa kwa juu ili kurahisisha mahesabu. Kila mwembe ulikuwa na mdomo. Weka majani kwenye safu yake ya `collision_layer` na shina kwenye nyingine, kisha kwenye `collision_mask` ya mwali wa kulabu ondoa ile ya majani.