Kabla hujaandika «bure» katika tangazo la Idi

Kila Ramadhani inapoingia kumi la kati, wenye maduka wa Darajani na Mchangani huanza kuniletea matangazo yao ya Idi niyapitie kabla hayajachapishwa na kabla hayajaanza kuzunguka kwenye WhatsApp. Nilichokiona katika kazi hii ni kwamba ugomvi baina ya muuzaji na mteja hutokana na maneno machache yanayoandikwa kwa mazoea: bure, umehakikishiwa, mshindi, na hadi bidhaa zitakapokwisha. Kila moja kati ya hayo ni ahadi ambayo mteja anaweza kuipima na kuikuta kweli au uongo. Nitakaa zaidi na neno bure, kwa sababu ndilo linalopendwa kuliko yote na ndilo lenye mtego usioonekana kwa haraka.

Mwenye duka mmoja wa nguo aliniletea tangazo lililosema: «Nunua kanzu, pata kofia bure.» Nilimuuliza kanzu hiyo aliiuza kiasi gani mwezi wa Shaabani, akasema shilingi 38,000. Nilipomuuliza bei ya sasa, akasema 45,000. Kofia yenyewe aliinunua kwa bei ya jumla, shilingi 6,000 moja.

«Ami, basi mteja ameshakulipa kofia yako yote, na shilingi elfu moja juu yake,» nilimwambia.

«Mwanangu, lakini neno bure ndilo linalowaita watu,» akanijibu.

Alisema kweli, na kwa sababu hiyo hasa sheria za kumlinda mtumiaji katika nchi nyingi zinalibana neno hilo. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Marekani, kwa mfano, unataka bidhaa inayonunuliwa iuzwe kwa bei yake ya kawaida, isipandishwe bei wala kupunguzwa ubora ili kufidia gharama ya zawadi, na masharti yote yaelezwe wazi pale pale neno bure linapotajwa. Mwongozo huo unaweka pia ukomo wa muda: katika eneo moja la biashara, ofa ya namna hiyo kwa bidhaa ya ukubwa mmoja isizidi miezi 6 ndani ya miezi 12. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kanzu ikiuzwa pamoja na kofia mwaka mzima kwa 45,000, hiyo ndiyo bei ya vitu viwili, wala hakuna tena bei ya kanzu peke yake ya kuilinganisha nayo. Mwongozo huo haumfungi muuzaji wa Darajani, lakini kipimo chake kinafaa kutumika popote.

Ami alikuwa na njia mbili za halali. Ya kwanza ni kuirudisha kanzu kwenye 38,000 na kukubali kwamba shilingi 6,000 za kofia zitoke katika faida yake. Hapo neno bure lingekuwa kweli. Ya pili ni kubaki na 45,000 na kuandika: «Kanzu na kofia yake kwa shilingi 45,000.» Aliichagua ya pili, na kwa maoni yangu alifanya vyema, kwa kuwa mteja wa Idi anayevisha watoto watatu anataka kujua jumla yake kuliko anavyotaka zawadi.

Likabaki suala la wateja wa Pemba, ambao huagiza kwa simu na kuletewa mzigo kwa boti. Sheria za Ulaya, katika Agizo la mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki, zinaruhusu kitu kiitwe cha bure hata kama mteja atalipia gharama halisi ya kukipokea. Neno «halisi» ndilo la kushika hapo. Ikiwa kuupeleka mzigo Wete kunagharimu shilingi 3,000, nawe unamtoza mteja 8,000 kwa jina la nauli, zile 5,000 zilizozidi ni bei ya zawadi iliyofichwa.

Kisha itazame picha. Tangazo lile lilikuwa na picha ya kofia iliyoshonwa kwa mkono, yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kazi inayochukua wiki nyingi, ilhali zilizokuwa dukani zilikuwa kofia za mashine. Maneno yote yangeweza kuwa sahihi na picha peke yake ikamdanganya mteja. Tulipiga picha mpya, juu ya meza ya duka, ya kofia zile zile zitakazotolewa.

Maneno «hadi bidhaa zitakapokwisha» hayamlindi muuzaji kama wengi wanavyodhani. Ami alikuwa na kanzu 300 na kofia 60. Anayejua tangu mwanzo kwamba zawadi itamfikia mteja mmoja kati ya watano, kisha akanyamaza, anawaita watu kwa chambo, na sentensi hiyo haimsafishi. Tuliandika waziwazi: «Kwa wateja 60 wa mwanzo.» Tuliweka na tarehe ya mwisho ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa picha ya WhatsApp hupelekwa mkono kwa mkono hata baada ya wewe kuifuta kwako. Tarehe hiyo iwe ya kalenda. Ukiandika «mpaka Idi», mmoja atahesabu mpaka usiku wa kuandama mwezi, mwengine mpaka Idi nne, na kuna watakaofunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana nchi nyengine. Wote watakuwa na haki ya kusimama mbele ya duka lako.

Juu ya «umehakikishiwa» sina mengi. Neno hilo halina maana mpaka useme ni nani anayehakikisha, kwa muda gani, na atafanya nini kitu kikiharibika: atarejesha fedha, atabadilisha au atatengeneza. Angalia pia kitabu chako cha risiti. Ikiwa chini yake kumechapwa «mali ikishauzwa hairejeshwi», basi tangazo linaahidi kitu na risiti inakikanusha.

Neno mshindi ninalikataa moja kwa moja pale ambapo hapakuwa na mashindano. Ujumbe wa «Hongera, umeshinda!» unaopelekwa kwa wateja wote wa zamani, na ndani yake mna punguzo la bei tu, ni uongo. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Purely Creative, iliamua kwamba mtu akishaambiwa ameshinda hapaswi kutozwa chochote ili aipate zawadi yake, hata kama gharama ni ndogo kama ya stempu. Kwa wenye nyumba za wageni wa Nungwi na Paje wanaowatangazia wateja walioko Ulaya, uamuzi huo unawahusu kwa karibu zaidi: usiku mmoja wa «kushinda» unaomtaka mgeni alipe kwanza ada ya kuthibitisha ni jambo la kuondolewa katika tangazo leo.

Mwisho, kwa kila tangazo weka bahasha moja yenye nakala ya tangazo lenyewe, risiti za mauzo zinazoonesha bei ya kabla ya msimu, hesabu ya zawadi siku ofa ilipoanza, na daftari la waliozichukua. Mteja akienda kulalamika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, atakuwa na picha ya tangazo lako katika simu yake, na wewe utatakiwa kuonesha bei na idadi kwa karatasi.