Jibu: Wazo la huduma mpya duka la dawa

"Nimeajiriwa duka la dawa, nimpelekee bosi wazo gani la huduma mpya?"

Mkuu, mpelekee huduma ya kuwakumbusha wateja wa presha. Dawa ya presha ya amlodipini kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo anayenunua vidonge 30 leo unajua kabisa ataishiwa lini. Mteja akikubali, andika namba yake na tarehe kwenye daftari, siku ya 25 mtumie ujumbe na umwekee dawa pembeni. Usianze kwa kumwomba bosi mfumo wa kompyuta. Omba ujaribu na wateja 20 kwa miezi 2, gharama ni vocha tu, kisha mwonyeshe wangapi wamerudi kwa wakati. Ujumbe usitaje ugonjwa kabisa, maana simu nyingine hushikwa na nyumba nzima. Na cheti cha mteja kikiisha muda, mrudishe kwa daktari.