Namba 1 iliyojaa, na namba zinazokosekana kwenye jina

Swali: "Namba 1 imejaa kwenye jina langu la kuzaliwa, na namba tatu hazimo kabisa. Je, 1 ndiyo shauku yangu iliyofichika, na hizo tatu zote ni mafunzo yangu ya karma?"

Kwa kanuni ya numerolojia, yaani kusoma tabia kwa namba za herufi za jina, ndiyo: inayojirudia zaidi ni shauku iliyofichika, na zinazokosekana ni mafunzo ya karma, lakini usikimbilie kuzitafsiri. Tuchukue jina la mfano, Amina Salim Hamadi. Kwa jedwali la Pithagora A, J na S ni 1, B, K na T ni 2, na kuendelea hivyo hadi I na R ambazo ni 9. Ukihesabu herufi zake zote 16, 1 inatokea mara sita, 4 mara nne, 9 mara tatu, kisha 3, 5 na 8 mara moja moja. Zinazokosekana ni 2, 6 na 7.

Hapo 1 inashinda, ila tazama imeshindaje: kati ya hizo sita, tano ni herufi A. Majina yetu mengi yamejaa A, kwa hiyo ukiwahesabia watu kumi utakuta wengi wao wana "shauku" ya kuongoza na kujitegemea, jambo ambalo kwangu linaeleza zaidi tahajia kuliko tabia. Ndiyo maana katika jina hili mimi huitazama zaidi ile 4, ya utaratibu na kazi ya mikono, kwa kuwa M tatu na D moja si wingi wa kawaida.

Kwa namba zinazokosekana, jumlisha kwanza jina zima. Amina ni 20, Salim 18, Hamadi 27. Ukipunguza kila moja kwa kujumlisha tarakimu zake unapata 2, 9 na 9, jumla 20, yaani 2. Hiyo ndiyo namba ya jina, na kwa kuwa 2 imejitokeza humo, wengi wetu tunaofuata njia hii husema funzo la 2, yaani subira na kushirikiana, limepunguzwa makali. Yanabaki 6, la wajibu wa nyumbani, na 7, la kutafakari peke yako. Hata hiyo 7 usiitilie chumvi, kwa sababu inabebwa na G, P na Y tu, herufi ambazo majina mengi hayana.

Mimi mwenyewe niliishi miaka kadhaa nikiamini sina 7, na kila nilipokosa utulivu nikawa na jibu tayari. Vyeti vyangu vya shule vinasema Mariamu. Siku nilipoitoa karatasi ya kuzaliwa nikakuta imeandikwa Maryam, na ile Y ni 7. Funzo nililokuwa nimelizoea kama jeraha la zamani halikuwahi kuwepo, alilizaa karani aliyeandika I. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, tafuta karatasi ya kwanza kabisa, uhesabu jina kama lilivyoandikwa humo, bila cheo, jina la ndoa wala la utani.