Nionyeshe mgongo wa zulia

*Ami, shikamoo. Babu yetu alilinunua zulia hili kwa mabaharia wa jahazi, hapa hapa Lamu. Nimekupigia picha likiwa limetandikwa ukumbini. Ni la mkono au la mashine? (Langoni, Lamu)*

Marahaba, mwanangu. Picha yako ya kwanza yafaa kumwonyesha mgeni, lakini kwa fundi haisemi kitu. Niliona wekundu wa damu ya mzee, na maumbo ya pembe nane yamejipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride. Umbo hilo ni la Waturkmeni, wao huliita guli. Waafghani hulikuza na kuliita mguu wa tembo. Wapakistani nao hulifuma, tena kwa wingi, na zulia lao huuzwa kwa jina la Bukhara. Shida ni kwamba mashine za Ubelgiji na Uturuki nazo hulifuma umbo hilo hilo, na ukiwa umesimama mlangoni hutaona tofauti. Nakshi hukwambia sanaa ni ya nani. Haikwambii zulia lenyewe lilitoka mkononi mwa nani.

Ndiyo maana nilikusumbua ulipige tena: ukunje pembe moja ili mbele na mgongo vionekane katika picha moja, matamvua yawemo, rula ya shule ilazwe juu yake, na mwanga utoke dirishani ubavuni, bila taa ya simu. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyonipa jibu.

Tuitazame pamoja. Mgongoni nakshi inaonekana wazi karibu sawa na mbele, nukta kwa nukta, kwa sababu kila nukta ni fundo moja la sufu lililozungushwa kwenye nyuzi za mtande, zile zinazokwenda urefu wa zulia. Mistari ya mafundo inapanda na kushuka kidogo. Guli la kwanza kutoka pembeni ni pana kuliko la pili, si kwa mengi, upana wa kidole hivi. Ukingo wa ubavuni umezungushiwa uzi wa sufu kwa mkono, hapa mnene, pale mwembamba. Na kuna ile sehemu unayoionea haya, pale panya alipotafuna: matamvua yamekatika, na safu mbili tatu za mafundo zimeanza kufumuka. Hapo ndipo nilipotulia. Safu hufumuka namna hiyo kwa sababu matamvua ni nyuzi za mtande zenyewe, zimepita ndani ya zulia zima na kutokea ng'ambo ya pili. Zikikatika, safu za mwisho hazina tena cha kuzizuia.

Basi ni la mkono. Kwa rula yako nimehesabu mafundo 8 katika sentimita 2 za upana, na 8 katika sentimita 2 za urefu. Hiyo ni 4 kwa 4, yaani mafundo 16 katika kila sentimita ya mraba, au 160,000 katika mita ya mraba. Zulia lako la mita 1.2 kwa 1.8 lina mafundo kama 345,000. Mfumaji mwepesi akifunga 8,000 kwa siku, ni siku 43 za kazi. Si zulia la kifalme, ni kazi ya wastani iliyofanywa vizuri.

Kwa asili yake, naelekea Pakistan, kwa sababu mtande ni wa pamba nyeupe. Waafghani na Waturkmeni kwa desturi hutanda kwa sufu au singa za mbuzi, na matamvua yao huwa ya kijivu au kahawia. Hadithi ya jahazi siikatai, ila jahazi lilibeba lolote lililopakiwa, kwa hiyo halithibitishi kitu. Umri nao siwezi kuusoma kwenye picha. Mpelekee fundi aushonee mwisho ule kabla safu nyingine hazijatoka, na usiikate sehemu iliyofumuka ili iwe nadhifu. Hapo utakuwa umefanya kazi ya panya.

*Kumbe lenye matamvua ndilo la mkono? (Shela)*

Hapana. Mazulia mengi ya mashine yana matamvua mazuri kuliko ya mkono, yamelingana kama yamekatwa jana. Swali ni yametokea wapi. Geuza mwisho wa zulia: ukiona utepe umeshonwa juu ya ukingo, na mshono wa cherehani unakwenda sambamba nao, matamvua hayo ni pambo. Kwenye picha hilo huonekana kama mstari mmoja mnyoofu unaotenganisha zulia na matamvua. Ubavuni nako utakuta ovaloki iliyolingana mwanzo hadi mwisho.

Onyo moja tu. La mkono lililochakaa mwisho wake huweza kushonewa matamvua mapya na fundi mvivu. Kwa hiyo matamvua ya kushona peke yake hayatoshi kulihukumu zulia, mpaka mgongo nao useme vivyo hivyo.

*Nimenunua zulia la sufu kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga nyumba yake hapa Malindi. Aliniambia ni la mkono. Mgongoni lina kitambaa, na kila nikilinyanyua kuna unga chini. Nimeibiwa? (Malindi)*

Hukuibiwa, na huenda Mtaliano wako hakusema uongo. Lakini "la mkono" ni maneno yenye vyumba vingi. Lako halikufungwa mafundo. Fundi alitandaza kitambaa kwenye fremu, akakichora nakshi, kisha akadunga nyuzi kwa chombo kama bunduki, sufu ikawa inatokea upande wa pili. Mkono ulikuwepo, ndiyo, lakini nyuzi hizo hazijashikwa na kitu. Ukizivuta zatoka. Ndipo mgongo hupakwa gundi ya mpira, kisha hubandikwa kitambaa cha pili kuificha. Zulia ambalo kwa mafundo lingechukua miezi, kwa njia hii huisha kwa siku chache, na bei ya haki inafaa iwe mbali sana.

Ule unga ni gundi hiyo. Huchanganywa na unga wa chokaa ili iongezeke, na kwa joto na unyevu wa pwani mpira hukauka, hupasuka na kumomonyoka. Ukilikunja pembe na kusikia sauti ya kukatika katika, au ukanusa harufu ya mpira wa zamani, ujue imeanza.

Nalijua hili kwa hasara. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipokea zulia kama lako, la maua ya samawati. Sikuligeuza. Nikalimwagia maji uani, nikalisugua, nikalianika juu ya ukuta. Jioni kitambaa cha nyuma kilikuwa kimejaa mapovu kama chapati, na asubuhi kikabanduka chenyewe. Mwenyewe alikuja, akalitazama, akanitazama mimi. Nikalipa.

Kwa hiyo lifagie, usiliroweshe, na chini yake weka mkeka ili unga usishike sakafu. Likimwagikiwa, linyonye kwa kitambaa kikavu. Na siku nyingine ukiletewa picha ya zulia ambalo mgongo wake ni kitambaa kitupu, mwombe muuzaji apanue manyoya kwa vidole viwili, apige picha ya shina. Kwenye la mafundo utaona vijifundo vimekaa safu mwishoni mwa manyoya. Kwenye la kudunga utaona nyuzi zimezama ndani ya kitambaa, basi.

*Muuzaji kaniandikia kwenye simu: Kashan original, 1200 reeds. Anasema mafundo mengi ndiyo thamani, na bei yake imepanda hadi paani. (Mkomani, Lamu)*

Kajifunga mwenyewe. Kashan ni mji wa Iran uliosifika kwa mazulia ya mkono, na ni jina la nakshi pia: ua kubwa katikati, mizabibu pembeni. Leo mji huo huo umejaa viwanda vya mazulia ya mashine. Jina peke yake, basi, halimbani mtu.

Lakini 1200 ni lugha ya kiwandani. Maana yake ni nyuzi 1,200 za manyoya katika mita moja ya upana. Mazulia ya daraja hilo kwa kawaida huwa na safu 3,600 katika mita ya urefu, na lebo huandika hivyo. Zidisha: milioni 4.32 katika mita moja ya mraba. Tukimchukua yule mfumaji wetu wa mafundo 8,000 kwa siku, mita moja tu ingemla siku 540. Idadi kubwa namna hiyo, kwa bei yoyote inayotajwa dukani, ni mashine imesema. Isitoshe, hayo si mafundo. Nyuzi zimepitishwa tu na kubanwa na mshindio, uzi unaokatiza mtande kwa upana.

Zulia hilo laweza kuwa zuri na likadumu. Mimi mwenyewe nimelala juu yake. Ila lilipe kama zulia la mashine, na uulize uzi wake: mara nyingi ni akriliki, jamii ya plastiki.

*Kwenye picha zulia lilikuwa jekundu iliyokolea. Nilipofika nikaliona limepauka. Nimebadilishiwa? (Malindi)*

Kabla hujagombana, zunguka uende upande wa pili wa chumba. Manyoya ya zulia la mafundo hulala upande mmoja, kuelekea mwisho ule mfumaji alikoanzia, kwa sababu kila fundo huvutwa chini linapokatwa. Ukiangalia kutoka upande ambao ncha zinakuelekea, rangi hukolea. Kutoka upande mwingine unaona ubavu wa uzi, mwanga unarudi, rangi inapauka. Muuzaji alisimama upande wake mzuri, wewe umeingia kwa mlango mwingine.

Mengi ya mashine hayabadiliki sana, kwani hufumwa mawili kwa pamoja, uso kwa uso, kisha kisu hupita katikati na manyoya hubaki wima. Kwa hiyo picha mbili, moja kutoka kila mwisho, zina kazi yake. Lakini zipe uzito mdogo kuliko picha ya mgongo, kwa sababu zulia la mashine lililokanyagwa miaka nalo hulala.

*Ami, nikichoma uzi mmoja si nitajua yote? (Langoni)*

Utajua uzi, hutajua aliyefuma. Chomoa unywele mmoja wa zulia, ushike kwa koleo juu ya sahani, mbali na zulia. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika. Plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Hariri ya bandia huwaka kama karatasi. Ukipata shanga, karibu hakika si la mafundo ya mkono. Ukipata harufu ya nywele, hujamaliza kazi, maana mashine nazo hufuma sufu. Geuza pembe, unitumie picha.