Waraka kwa idara ya madai: kwa nini tuliipokea pamba ile kwa masharti

"Wakuu, nimehamia kitengo cha kutathmini vihatarishi mwezi huu. Bosi anataka kila bima ya moto tunayoipokea kwa masharti maalumu niiandikie idara ya madai waraka wa ndani. Masharti si yameshaandikwa kwenye mkataba? Niwaandikie nini zaidi?"

Mkuu, mkataba unamwambia mtu wa madai mteja alitakiwa afanye nini. Haumwambii wewe ulikuwa unaogopa nini, wala ulikuta nini siku ulipokwenda kukagua. Hayo mawili ndiyo waraka wenyewe. Chukua mfano wa kiwanda cha kuchambua pamba, huku Kanda ya Ziwa, ambacho nilikipokea mimi.

Pamba mbegu ikitoka kwa wakulima huja na mawe madogo, hata misumari. Jiwe likigonga msumeno wa mashine, cheche huruka na kuingia kwenye nyuzi, kisha nyuzi hizo zinashindiliwa ndani ya robota. Kaa hilo halizimiki, kwa sababu katikati ya nyuzi kuna hewa ya kulitosha. Linakula polepole kwa siku kadhaa bila moshi wa kuonekana, na likifika nje ghala zima linashika. Hiyo ndiyo hofu iliyotufanya tuweke sharti la kwanza: robota likitoka kwenye mashine likae uwanjani siku 3, mbali na ghala, likaguliwe kwa mkono kama lina joto au harufu ya kuungua, ndipo liingie ndani. Kila robota lina namba, na kitabu cha mashine kinaonyesha lilifungwa saa ngapi.

Sharti la pili lilihusu nyaya za umeme za ghala. Nilizikuta zimechakaa na baadhi zimepita wazi juu ya marobota. Mkataba ulisema zibadilishwe. Mteja aliomba muda, kwa kuwa msimu ulikuwa umeanza, nasi tukampa siku 60 kwa barua iliyopitia kwa dalali wake. Kwa siku hizo tulipandisha malipo ya bima, na sehemu ya hasara atakayoibeba mwenyewe tukaifanya asilimia 10.

Kwenye waraka niliandika yote hayo kwa ukurasa mmoja na nusu. Kwa sharti la kwanza nilisema linazuia moto unaozaliwa ndani ya robota, na kwamba hasara ikitokea waanze na kitabu cha mashine, walinganishe namba na mahali moto ulipoanzia. Kwa sharti la pili nilieleza kwamba tuliziona nyaya, tukazipiga picha, na tukakubali kuzibeba hadi tarehe fulani. Barua na picha niliziambatisha.

Siku ya 41 ghala liliungua. Nilikuwa likizo. Kijana wa madai alifungua jalada la mkataba na kukuta mambo mawili: nyaya hazijabadilishwa, na baadhi ya marobota yaliingizwa ghalani baada ya siku 1 tu. Kwa mkataba peke yake angeandika barua ya kukataa, na ingeonekana sahihi kabisa. Waraka ndio uliomzuia. Mtaalamu aliyetumwa kuchunguza hasara alikuta moto umeanzia ukutani, chini ya waya ulioyeyuka. Marobota yaliyoharakishwa yalikuwa upande wa mlango, na yale ya karibu na mlango yaliungua juu tu, katikati yakiwa meupe. Robota lililoungua kutoka ndani halibaki hivyo. Kwa hiyo kosa la mteja kwenye sharti la kwanza halikuzaa hasara ile, na mkataba wetu ulisema tutakataa hasara iliyotokana na kosa hilo tu. Nyaya tulikuwa tumezipokea kwa hiari yetu na malipo yake tumekula. Tulilipa, tukaondoa ile asilimia 10.

Nasema kwa moyo wote: kupokea pesa ya mtu ukijua nyaya zake ni mbovu, kisha kumnyima kwa nyaya zilezile ndani ya muda uliompa, ni dhuluma. Na mahakamani barua ile ya siku 60 ingetuangusha.

Lakini usiutegemee waraka kupita kiasi. Hauwezi kubadili mkataba. Kama sharti umeliandika kwamba likivunjwa bima yote inakufa, maelezo yako ya ndani kwamba ulikusudia jambo dogo hayatamsaidia mteja wala mwenzako wa madai. Rekebisha maneno ya mkataba kwanza. Pia andika ulichokiona tu. Ukiandika "mteja huyu simwamini", wakili wake anaweza kuusoma waraka huo siku moja, nawe huna ushahidi.

Uandike wiki ileile unayopokea bima, uweke tarehe na saini. Siku muda uliompa mteja unapokwisha, rudi ghalani au dai picha, kisha uongeze mstari mmoja kwenye waraka uleule: nyaya zimebadilishwa au bado. Mimi mstari huo huwa nauweka kwenye kalenda siku ileile ninaposaini.