Mosfeti ya SiC si IGBT iliyobadilishwa jina

Mhandisi, kila mtu anasema silikoni kabaidi ina "pengo pana". Pengo linahusiana vipi na volti kubwa?

Pengo ni kiasi cha nishati ambacho elektroni inahitaji ili ijinasue kwenye atomu na kubeba umeme. Kwa silikoni ni eV 1.1, kwa silikoni kabaidi (SiC) ni karibu 3.3. Elektroni iliyoshikwa hivyo haing'oki upesi, hata ukiibana kwa volti nyingi kwenye unene mdogo. Ili kuzuia volti 1,200, transista ya silikoni inahitaji tabaka la takriban mikromita 100. Ya SiC inatosheka na kama 10. Tena, tabaka hilo jembamba linaweza kutiwa wabeba-umeme wengi zaidi, kwa hiyo ukinzani unashuka kwa sababu mbili: njia ni fupi, na wapitaji ni wengi.

Silikoni ilikuwa na dawa yake kwenye volti hizo, nayo ni aina ya transista iitwayo IGBT. Inamwaga wabeba-umeme wa ziada ndani ya tabaka nene ili lipitishe vizuri. Shida ni kwamba ukiizima, wale wa ziada hawaondoki papo hapo. Mkondo unaburuta mkia, na mkia huo ni joto kila unapozima. Mosfeti, aina nyingine ya transista, ikiwa ya SiC haiwahitaji, ndiyo maana huzima haraka.

Nilitoa IGBT za volti 1,200 kwenye inveta ya mota nikaweka mosfeti za SiC za volti na ampea zilezile. Zilichemka kuliko za zamani, halafu nyaya za mota zilipogusana mbili zikapasuka. Niliuziwa feki?

Huenda ni halali kabisa. Bodi yako iliundwa kwa ajili ya IGBT.

Anza na geti, mguu wa transista unaopokea amri ya kuwasha na kuzima. IGBT hufunguliwa kwa volti 15. Mosfeti nyingi za SiC zinataka 18, nyingine 20. Ukizipa 15 hazifunguki kikamilifu, ukinzani unapanda, na joto nalo. Usikisie: weka osiloskopu kati ya geti na sosi, mguu mkondo unakotokea, kisha linganisha na karatasi ya data. Angalia pia zinapozimwa. Volti upande wa dreni, mguu mkondo unakoingilia, hupanda kwa kasi mno hivi kwamba inaisukuma geti kutoka ndani, na transista iliyopata moto hufunguka kwa volti chache tu. Ndiyo maana wengi huzima kwa volti hasi, kama -4.

Kilichozipasua ni shoti. IGBT nyingi huvumilia shoti kwa mikrosekunde 10 hivi. Chipu ya SiC ni ndogo, joto halina pa kutawanyikia, na mara nyingi hupewa mikrosekunde 2 au 3 tu. Ulinzi wa bodi ya zamani ukisubiri 6, unazima maiti.

Kama ni laini hivyo, kwa nini ziko kwenye magari ya umeme?

Kwa sababu gari halikanyagwi hadi mwisho kutwa nzima. Tufanye hesabu. Chukua mosfeti ya miliohmu 40, ambayo ikipata moto inafika kama 60. Kwenye ampea 40 inapoteza wati 96. IGBT inayoshusha volti 2 kwenye mkondo huohuo inapoteza 80, yaani hapo SiC imeshindwa! Sasa shuka hadi ampea 10. Mosfeti inapoteza wati 6, lakini IGBT bado inashusha kama volti 1.2, kwa hiyo wati 12. Mwendo wa mjini uko huku chini. Ongeza ule mkia wa kuzima, na utaelewa kwa nini Tesla iliweka SiC kwenye inveta ya Model 3.

Na galiamu naitraidi ya kwenye chaja ndogo za simu, haiwezi kazi hiyo?

Pengo lake ni eV 3.4, lakini transista zake za sokoni zimejengwa kwa ubapa: mkondo unapita juu juu, kwenye mpaka wa tabaka mbili, na nyingi hukuzwa juu ya silikoni ili ziwe nafuu. Ukitaka volti zaidi lazima uongeze umbali juu ya chipu, kwa hiyo nyingi huishia volti 650. Geti yake pia haina msamaha: aina nyingi haziruhusu kuzidi volti 7. Raha yake ni kuwasha na kuzima haraka mno, transfoma ikapungua, chaja ikaingia mfukoni.

Nimesoma SiC inafanya kazi hata nyuzi 300. Naweza kuondoa feni?

Kioo cha SiC chenyewe kinaweza. Lakini solda, plastiki ya kifuniko na tabaka la oksidi chini ya geti vina mipaka yao, ndiyo maana karatasi nyingi za data zinaishia nyuzi 175. Kapasita za jirani huchoka mapema zaidi. Acha feni.