Mume kakuzidi miaka 15? Tazama kwanza Zohali zenu zimekaaje

Hapa Mbeya, binti akileta mchumba aliyemzidi miaka 15, kikao cha familia huanza na hesabu za kawaida: yeye akifika 40 mwenzake atakuwa na 55, nani atamuuguza nani, watoto watasomeshwa na nani. Hesabu hizo ni za haki na mimi sizipingi. Ila mnajimu huwa na hesabu nyingine. Kwake pengo la umri ni umbali angani kati ya mahali sayari ya Zohali ilipokuwa alipozaliwa mmoja na ilipokuwa alipozaliwa mwingine, na umbali huo ndio unaosema ni lini wote wawili watabanwa kwa wakati mmoja.

Zohali huzunguka jua kwa karibu miaka 29 na nusu, Mshtarii kwa karibu miaka 12. Ukizaliwa, Zohali inakuwa mahali fulani. Ukifika miaka 29 hivi inarudi palepale, na wanajimu huuita wakati huo marejeo ya Zohali: mtu anaulizwa maisha yake ni yake kweli au ni ya kuazima. Kwenye miaka 14 au 15, na tena 44, inakuwa upande wa pili kabisa, inaitazama sehemu uliyozaliwa nayo uso kwa uso. Hapo swali hugeuka: hiki nilichojenga kina maana gani, na nimekijenga na nani? Mshtarii nao una marejeo yake kila miaka 12, lakini wenyewe husomwa kama upenyo, wakati wa kupanuka.

Sasa utaona kwa nini miaka 15 si sawa na 10 wala 12. Pengo la miaka 12 huweka Mshtarii za wote wawili karibu mahali pamoja, kwa hiyo nafasi huwafungukia kwa msimu mmoja. Pengo la miaka 15 ni nusu ya mzunguko wa Zohali. Kila Zohali inapomgusa mmoja, inamgusa na mwenzake siku hizohizo, ila kutoka upande wa pili.

Nichukue wanandoa ninaowafahamu vizuri; majina nayaacha. Mume alizaliwa Rungwe katikati ya Julai 1975, mke katikati ya Julai 1990. Zohali ya mume iko kama digrii 22 za nyota ya Kaa. Ya mke iko kama digrii 22 za Mbuzi, mkabala kabisa. Mwaka 2004 na 2005, mume alipokuwa kwenye marejeo yake ya kwanza, mke alikuwa msichana wa miaka 14, hawajuani. Januari 2020 Zohali ikafika digrii 22 za Mbuzi. Mke yuko kwenye marejeo yake, miaka 29. Mume ana 44, Zohali inamtazama kutoka ng'ambo.

Mwaka ule nyumba yao ilitikisika. Mke alikuwa anashona kwenye fremu ya shangazi yake Mwanjelwa, ghafla akataka fremu yake, jina lake mlangoni. Mume alikuwa dereva wa lori la Tunduma, naye akataka kuacha barabara arudi Rungwe kwenye shamba la baba yake. Mama mkwe akasema wazi, "Mwanangu, nilikwambia, huyu damu bado inachemka na wewe umeshachoka." Kila aliyesikia akasema ni umri.

Mimi nawashauri watu wasikimbilie hapo. Kwa kusoma nyota, wale wawili hawakuwa wamepishana. Walikuwa kwenye saa moja, kila mmoja na swali lake. Wa miaka 29 anauliza "changu ni kipi?" Wa miaka 44 anauliza "kilichonifikisha hapa kinatosha?" Maswali haya yakikutana mezani bila kutajwa, kila mmoja huona mwenzake amebadilika kwa makusudi. Nilipowaonyesha tarehe, mke ndiye aliyenyamaza kwanza, akamuuliza mumewe swali ambalo hakuwahi kumuuliza: barabarani kuna nini kinachokuchosha?

Kuna jambo la pili kwenye ramani yao ya nyota, na kwangu ndilo tamu zaidi. Julai 1990 Mshtarii ulikuwa Kaa, kama digrii 23. Maana yake Mshtarii wa mke umekaa juu kabisa ya Zohali ya mume. Wanajimu husoma hivi: pale mume anapojikunja na kuogopa hasara, mke ndiye anayeona njia, na mume naye humpa mke mpaka wa kutozidisha. Kwa hiyo usiishie kwenye Zohali kwa Zohali. Tazama pia Mshtarii wa mdogo unaangukia wapi kwa mkubwa, na kinyume chake.

Wengi hukosea kwa kuhesabu miaka tu. Zohali hurudi nyuma, kwa macho yetu sisi tulio duniani, kwa miezi minne na ushee kila mwaka. Mwaka huohuo wa 1975, ilipofika Septemba iliingia Simba, kisha Januari 1976 ikarudi Kaa. Mwanaume wa Oktoba 1975 angekuwa na Zohali mwanzoni mwa Simba, na ukabala wake na mke wa Julai 1990 ungepishana kwa digrii kama kumi. Wanajimu wengi huvumilia digrii sita mpaka nane, si zaidi. Pengo bado mtaliita miaka 15, lakini usomaji huu hauwahusu.

Habari njema kwa sisi tuliozaliwa nyumbani, saa haijulikani: kwa sayari hizi mbili saa haihitajiki. Zohali haifikishi hata sehemu ya saba ya digrii kwa siku, Mshtarii haufiki robo. Tarehe ndiyo ya kuhakikisha, kwa sababu cheti cha shule mara nyingi kilipunguzwa umri. Tafuta kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Na mnajimu wa Kihindi akikutajia nyota tofauti usishtuke. Anaanza kuhesabu mahali pengine, kwa tofauti ya kama digrii 24, lakini umbali kati ya Zohali zenu unabaki uleule.

Mpaka wake nao ujulikane. Kila aliyezaliwa Julai 1975 na kila aliyezaliwa Julai 1990 wana ukabala huu, wawe wapenzi au maadui. Hausemi kama mtapendana. Hayo mnajimu huyatafuta kwenye Mwezi, Zuhura na Mirihi. Sayansi nayo haijathibitisha kwamba sayari zinaendesha ndoa. Mwendo wa Zohali umepimwa, maana yake ni mapokeo ya wanajimu. Mchumba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, ramani isikufanye umvumilie.

Wale wa Rungwe tumeshaangalia mbele. Mwaka 2027 mpaka mwanzoni mwa 2028 Zohali inapita kwenye digrii 22 za Punda, pembe ya robo ya duara kutoka Zohali za wote wawili, na hapohapo inakanyaga Mshtarii wa mume. Mume ana mpango wa kukopa aongeze ekari za parachichi. Usomaji wa pembe hiyo ni kwamba upanuzi wake utakaguliwa, na mke atabeba nusu ya ukaguzi. Nikawashauri wasikope kwa jina la mmoja, na karatasi za shamba zikamilike kwanza, kwa sababu yeye atakuwa na 52 na mke 37. Wamekubaliana robo tatu ya ekari ya mwanzo iandikwe kwa majina yote mawili kabla ya mkopo, na fremu ya Mwanjelwa isiwekwe dhamana.